Veranda ya Mtu Asiyeingia Ndani

Sijawahi kujenga hata banda la kuku, lakini nyumba nilizoziwashia taa ni nyingi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akiwa na ramani na hamu, ananiletea, nami namtengenezea kwenye kompyuta picha ya nyumba ambayo bado haipo: kuta, madirisha, kivuli cha paa, hata umande kwenye nyasi akitaka. Mimi na wenzangu tunaita kurenda. Mama yangu anaita kuchora. Nimeacha kumsahihisha kwa sababu kila nikimsahihisha ananiuliza kama kuchora kuna pensheni.

Nilijifunza mwenyewe, kwa video za watu wanaoishi katika nchi ambazo theluji ni shida ya kawaida. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia "hapo inatosha", na huenda ndiyo sababu sijui mahali panapotosha. Naweza kushinda asubuhi nzima nikigeuza kivuli cha kitasa. Nikituma picha kwa mteja, simu haitoki mkononi mpaka ajibu, na akijibu kwamba ni nzuri naanza kushuku macho yake.

Meza yangu iko nyuma ya duka la fotokopi mjini Kisii, katikati ya printa na rafu ya bahasha. Mwenye duka ni mama kutoka upande wa ziwani, aliyeletwa huku na kazi ya mumewe na akabaki na biashara yake mwenyewe. Ananiita "injinia" mbele ya wateja na "wewe" wakiondoka.

Mwalimu alikuja kutoa nakala za mtihani, akaona skrini yangu, akasimama. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa makamo, mkubwa kwangu kidogo, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kwao Nyacheki. Alikuwa amejenga nyumba kwenye shamba la baba yake, kando ya chai. Nyumba ilikuwa imesimama na watu walikuwa wanaishi ndani, ila haikuwa na uso. Mlango ulifunguka moja kwa moja kwenye nyasi.

"Nataka veranda," akasema. "Ngazi, mlango mpya, taa, vyungu vya maua. Hiyo sehemu ya mbele tu. Lakini ikae kama kitu mtu anaweza kupanda na kukaa, sio kama kalenda."

"Inawezekana, Mwalimu."

"Shida ni baba. Veranda itakula mistari miwili ya chai yake, na bila yeye kukubali hakuna atakayeng'oa hata shina moja. Na kitu kingine." Akapunguza sauti, ingawa mama wa duka alikuwa ameshaizima printa ili asikie vizuri. "Tangu nioe, mzee hajawahi kukaa kwangu. Anakuja, anasimama kwenye nyasi, tunaongea. Mvua ikianza, anaenda zake. Na unajua mvua ya kwetu, inakuja kila siku kama mtu aliyeajiriwa. Nataka aione hii picha aseme, hapo nitakuja."

"Kwa hivyo iwe ya kukaribisha," nikasema.

"Ya kukaribisha kabisa."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza swali moja tu la busara. Badala yake niliandika kwenye simu yangu neno "kukaribisha", nikalipigia mstari, nikaenda kutafuta video.

Video zote zilikubaliana. Mwangaza wa kukaribisha ni wa manjano ya joto, kama wa balbu za zamani. Anga nje liwe la buluu iliyopoa, ili joto la taa lionekane. Na siri kubwa ni hii: acha mlango wazi kidogo, weka taa ndani, mwanga umwagike nje mpaka kwenye ngazi. Jicho litaufuata mwanga huo lenyewe. Mtazamaji atataka kuingia.

Mtazamaji atataka kuingia. Niliisikiliza sentensi hiyo mara kadhaa nikitikisa kichwa kama muumini.

Kabla ya mwanga, lakini, kulikuwa na vipimo, na vipimo vilinidhalilisha. Mlango niliupakua mtandaoni, ukaja na ukubwa wa kiberiti kwa sababu aliyeutengeneza alitumia vipimo tofauti na vyangu. Nikauvuta kwa macho mpaka ukaonekana sawa. Ngazi nikazigawa kwa macho. Taa nikaichagua kwa moyo. Picha ilikuwa nzuri sana mpaka nilipomweka mtu. Kila anayerenda ana mtu wake wa kupimia, mwanasesere wa kijivu asiye na uso, mwenye urefu wa mtu wa kawaida. Wangu nilimsimamisha mbele ya mlango, akaonekana mtoto aliyetumwa kwa mfalme. Kitasa kilikuwa kwenye kidevu chake. Ngazi ya kwanza ilimfika gotini. Ile taa juu yake ilikuwa kubwa kama pipa la maji.

Mama wa duka alipita na rundo la karatasi. "Huyu mtu mbona analia?"

"Hana uso, Mama."

"Hata bila uso, analia. Hii ni nyumba ya nani, ya Goliathi?"

Nikafuta yote nikaanza upya. Safari hii nilichukua utepe wa kupimia nikatoka mjini kupima ngazi za kweli, kwa sababu sikuamini tena chochote kilichoingia kwa macho. Nilipima za kanisa, nikapima za kliniki moja. Kwenye jengo moja lenye ofisi nyingi, askari wa lango alinisimamia kichwani nikiwa nimechuchumaa.

"Boss, unapima nini?"

"Ngazi."

"Zimepotea?"

"Nataka kujua kimo chake. Mtu akipanda bila kufikiria, ni kwa sababu ya kimo."

Akanitazama kwa huruma. "Mimi napanda hizi kila siku na sijawahi kufikiria. Sasa utanifanya nianguke. Toka."

Lakini nilikuwa nimeshapata. Ngazi ambayo mguu unaikubali bila mjadala ina kimo cha sentimita kumi na tano hivi, au kumi na saba, na mahali pa kukanyaga panatosha kiatu kizima. Zote zilingane, maana mguu hukariri ile ya kwanza, na inayofuata ikidanganya, mtu anajikwaa. Mlango uwe mita mbili na kitu, kitasa kwenye kiuno. Taa yenyewe iwe na urefu wa kama robo tu ya mlango. Kamera niliiweka kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama njiani, na nikahakikisha nguzo zinasimama wima badala ya kuinama kama walevi. Mwanasesere wangu aliposimama tena pale, alikuwa mtu aliyefika nyumbani kwake. Nikamshukuru kwa sauti, mama wa duka akaongeza sauti ya redio.

Vyungu vya maua vilichukua muda ule ambao mtu mwenye akili angetumia kula. Mwanzoni nilikuwa nimeweka miti midogo iliyokatwa ikawa mipira, kama nilivyoona kwenye video. Mama wa duka akaniuliza hiyo ni miti ya ugonjwa gani. Nikaitoa, nikaweka maua mekundu yenye majani mapana, ya aina inayoota hapa hata kwenye ndoo ya rangi. Vyungu viwili vikubwa vya simenti, kimoja kila upande wa mlango, vikiujaza ukuta wa veranda vizuri, maana bila hivyo kulikuwa na nafasi tupu pande zote mbili, na nafasi tupu kwenye picha hunisumbua kama jino.

Kisha nikawasha taa. Nikaweka mwanga wa joto ndani ya taa ya mlangoni, nikaweka mwingine sebuleni, nikaufungua mlango kiasi cha mtu kupita, nikaacha kompyuta ifanye kazi yake. Picha ya namna hii haiji yote kwa pamoja. Kompyuta hurusha miale ya mwanga, kidogo kidogo, na mwanzoni kila kitu kimejaa chenga, vidoa vyeupe na vyeusi vinavyorukaruka kama kumbikumbi. Kadiri inavyoendelea kuhesabu, chenga zinapungua, mpaka ukuta unakuwa ukuta. Mimi huwachukia wanaotuma picha zenye chenga. Nawahesabu pamoja na wanaokula kabla ya kunawa.

Ilipotulia, nilisogeza kiti nyuma nikaitazama. Mwanga ulitoka mlangoni ukashuka ngazi moja baada ya nyingine kama maziwa. Ndani ulionekana upande wa kochi na pembe ya zulia.

Mama wa duka akaja akasimama nyuma yangu.

"Hii ni saa ngapi?" akauliza mwishowe.

"Jioni."

"Jioni ya wapi? Ya hapa haingojei mtu hivyo. Ukiinama kufunga kiatu, giza." Kisha akasema, "Lakini mtu akiona hii ataingia bila kubisha hodi."

Nililichukulia kama sifa. Nilitembea nalo siku nzima.

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kuchukua mitihani yake. Tukaichapisha kwa karatasi kubwa, tukaivika plastiki, naye akanisihi niende Nyacheki Jumapili niieleze mwenyewe. Jumamosi ilikuwa Sabato, na mzee hakuwa mtu wa kuonyeshwa picha za nyumba siku ya Sabato. Nikabeba na kompyuta. Siendi popote bila kompyuta. Watu wengine hubeba dawa.

Mzee alikuwa sebuleni kwake, nyumba ya mabati iliyo ng'ambo ya chai kutoka kwa mwanawe. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa suti, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimwamkia kwa Kigusii, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia, akaniuliza na babu, nikamwambia, akasema alimjua, akaridhika kwamba nipo. Mke wa mwalimu alikuwa jikoni, chumba cha nyuma, akitengeneza chai, tulisikia vikombe. Aliileta, akaweka trei mezani bila kumkaribia baba mkwe wake, akarudi jikoni. Akirudi alipita mahali picha ilipokuwa imeegemea. Aliitazama, akasimama kidogo, kisha akaenda haraka kuliko alivyokuja.

Ningeuzingatia mwendo ule, ningeelewa. Nilikuwa naangalia kama plastiki inaakisi dirisha.

Mzee aliiweka picha kwenye mapaja yake. Akavaa miwani. Akaitazama polepole, kutoka ngazi mpaka paa.

"Ngazi ni nzuri," akasema. "Hizi mtu anaweza kupanda."

"Asante, Mzee."

"Taa ni nzuri. Haijajitangaza." Akasogeza kidole. "Maua haya yananywa maji ya nani?"

"Ya mvua, Baba," mwalimu akasema.

"Mvua itayafikaje chini ya paa?"

Mwalimu akanitazama. Nami nikatazama trei.

"Na hivi vyungu," mzee akaendelea, "ndivyo wageni? Maana naona mmevipa viti. Kimoja huku, kimoja huku. Mtu akija akae wapi? Akae juu ya maua?"

"Atapita tu, Mzee," nikasema kwa bidii. "Ndiyo maana mlango uko wazi. Mwanga unamkaribisha ndani."

Niliposikia neno "ndani" likitoka kinywani mwangu, mbele ya mtu yule, katika nyumba ile, nilitamani chenga zinifunike.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya haya baina ya watu fulani wa ukoo, na mojawapo ya sheria zake ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atakuja mpaka nje. Ataita, atasimama, atapewa kiti uani. Kizingiti hakivuki, wala macho yake hayapaswi kutangatanga ndani ya nyumba ya mke wa mwanawe. Wengi siku hizi wameiacha. Yeye hakuwa ameiacha. Nami sikuwa mgeni wa jambo hili. Babu yangu mwenyewe alikuwa anaongea nasi akiwa amesimama nje ya dirisha, na tukiwa wadogo tulidhani ana kazi ya kulinda ukuta. Nilijua. Ila kompyuta inapowaka, mimi huwa mtu wa nchi zenye theluji.

Sasa hapa nilikuwa nimemtengenezea mzee, kwa ustadi mkubwa, mlango mmoja uliomwita kwa nguvu zote mahali pekee asipoweza kuingia. Nilikuwa nimemwonyesha kochi la mkamwana wake. Na sehemu pekee ambayo angeweza kuikalia nilikuwa nimeijaza maua.

"Nyumba hii inaniita," mzee akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Inaniita nije wapi?"

"Baba, sisi ni Wakristo," mwalimu akasema. "Mambo hayo ni ya zamani. Hakuna mahali imeandikwa ni dhambi kuingia."

"Nimesema ni dhambi? Nimekuwa mzee wa kanisa kabla ujue kufunga vifungo. Nimesema siingii." Akairudisha picha kwenye meza, uso chini. "Mistari yangu ya chai ibaki. Angalau chai haijifanyi."

Mwalimu akachukua kikombe chake. Vikombe jikoni vikaacha kugongana. Kisha sauti ya mkewe ikatoka kule nyuma, ikisema na mumewe lakini ikiwa na kimo cha kufika kwa kila mtu:

"Mwambie mwenye picha afunge mlango wangu."

"Umesikia," mwalimu akaniambia.

"Na mwambie," sauti ikaendelea, "hayo maua mimi ndiye nitayamwagilia. Ayashushe chini kando ya ngazi, yanyeshewe. Hapo juu aweke kiti."

Mzee hakugeuka kuelekea jikoni. Alinigeukia mimi. "Mwambie anayesema kwamba kiti kisielekee mlangoni."

"Kielekee wapi?" sauti ikauliza.

"Mwambie, njiani. Nione anayepita."

Kwa hivyo nilikaa katikati nikitumwa maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia, nikifungua kompyuta kwa mikono ya mtu aliyefumaniwa. Nje mvua ikaanza, kwa wakati wake wa kazini. Ikapiga mabati mpaka tukaongea kwa kupaza sauti. Stima zikapotea. Betri yangu, ambayo imezeeka kuliko adabu yangu, ikaniambia haina muda mrefu.

Nikaufunga mlango. Nikazima taa ya sebuleni, na yale maziwa yote yakatoweka kwenye ngazi. Nikashusha vyungu vikakaa chini, kimoja kila upande wa ngazi. Nikarefusha sakafu ya veranda, maana ile ya kwanza ilitosha kusimama tu, na mtu akikaa anahitaji mahali pa magoti. Nikahamisha taa kutoka juu ya mlango mpaka ukutani, upande wa kiti. Kiti nilikuwa nacho kimoja tu kilichofaa, cha mbao chenye mikono. Nikakielekeza njiani. Nikaongeza reli ya kushika kando ya ngazi bila kuambiwa, na mzee akaiona, akakohoa.

Kisha nikaiambia kompyuta irende. Sikuwa na nafasi ya kungoja. Picha ikatokea imejaa chenga, hasa pale chini ya paa, ambako mwanga ni mdogo na kompyuta hukisia zaidi. Ilikuwa picha ambayo nisingemwonyesha hata adui. Nikajaribu kuifunika kwa mkono.

"Toa mkono," mzee akasema. Akainama mpaka miwani yake ikakaribia skrini. "Umeweka mvua."

Nikafungua mdomo.

"Vizuri," akasema. "Kule kwenye plastiki kulikuwa kukavu. Nikajiuliza, hii ni Nyacheki gani? Sasa hapa kuna mvua. Lakini mbona inanyesha ndani ya veranda kuliko nje?"

Mwalimu akanitazama. Alikuwa amenitazama nikifanya kazi pale dukani na alijua chenga ni nini, kwa sababu nilikuwa nimemhubiria.

"Ni upepo, Baba," mwalimu akasema.

"Najua ni upepo. Inatoka upande wa bondeni. Paa ni fupi. Refusha."

Nikarefusha paa. Chini yake pakawa na giza zaidi. Chenga zikaongezeka.

"Imezidi!" mzee akasema.

"Mzee, kusema kweli, hii siyo…"

"Refusha tena. Na huo upande wa bondeni weka kaukuta kadogo, mpaka kwenye kiwiko."

Nikarefusha tena. Nikaweka ukuta. Chenga sasa zilikuwa dhoruba. Mimi ninayeamka kusafisha vivuli nilikuwa nimekaa mbele ya mteja na picha iliyooza, na kila nilichofanya kuitengeneza kiliiozesha. Jikoni mtu alikuwa anacheka kwa kujiziba. Nilitaka kueleza habari za miale na kukisia. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye maneno manne ambayo hayana Kigusii wala Kiswahili.

Lakini sasa hakuna aliyeniambia nibadilishe kitu. Mikono yangu ilitulia, na kompyuta, ikiachwa peke yake kwa mara ya kwanza, ikaendelea kuhesabu. Mbele ya macho yetu chenga zikaanza kupungua. Kwanza kwenye vyungu, kule nje kwenye mwanga. Kisha kwenye ngazi. Kisha ukutani karibu na taa. Pole pole, chini ya lile paa refu, kile kiti kikajitokeza, mkono mmoja, halafu wa pili, halafu mahali pa kukalia, pakavu.

Mzee hakupepesa. Mvua ya kweli ilikuwa bado inapiga mabati juu ya vichwa vyetu.

"Imekatika," akasema kwa sauti ya chini. "Na kiti hakijalowa."

Skrini ikazima, betri ilikuwa imemaliza wema wake. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akamwambia mwanawe kana kwamba ni jambo dogo waliloahirisha tangu asubuhi:

"Mistari miwili. Usiguse wa tatu."

Sikubadilisha kitu kingine kwenye ile picha. Mwalimu alinipigia baadaye akaiomba, nikamtumia toleo safi lililorendwa mpaka mwisho, nikangoja jibu. Akaandika: "Mzee anauliza ile ya mvua iko wapi."

Nilienda kuiona veranda ilipokwisha. Nitakuwa mkweli: nilijitayarisha kuumia, na niliumia. Fundi alikuwa amezifanya ngazi zilingane, namshukuru, lakini taa aliiweka juu zaidi, na balbu ilikuwa ya mwanga ule mweupe wa buluu unaofanya watu waonekane wamelazwa hospitali. Mlango ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kahawia, na michoro ya mbao iliyochorwa kwa brashi na mtu aliyewahi kusikia habari za mbao. Vyungu vya simenti vilikuwa ndoo mbili za rangi. Maua lakini yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanamwagikiwa na mvua, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Mzee alikuwa amekaa. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa upande huu wa chai. Kiti kilikuwa cha kwake mwenyewe, kimebebwa kutoka nyumbani, na mgongo wake ulikuwa umeuelekea mlango kwa usahihi ambao mimi, na programu yangu yote, nisingeufikia. Mlango ulikuwa umefungwa. Kikombe cha chai kilikuwa juu ya ule ukuta mdogo.

"Usisimame mvuani kama babu yako," akaniambia. "Panda."

Nikapanda. Hakukuwa na kiti cha pili. Nikaegemea nguzo, tukatazama njia, ambako hapakuwa na mtu kwa sababu watu wote wenye akili walikuwa wamejibanza. Alionekana kuridhika nayo hata hivyo. Tuliongea habari za bei ya majani ya chai, na za dereva wa lori la kuchukua majani ambaye kwa maoni yake alikuwa na haraka ya mwizi. Kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Wewe wameshakuingiza?"

"Wapi, Mzee?"

"Humo."

"Bado."

"Bisha hodi, uingie. Wewe ni mtoto, hakuna shida." Akavuta kikombe chake karibu. "Ukitoka uniambie kukoje."

Nikabisha. Mke wa mwalimu akanifungulia kiasi cha kupita tu na kufunga nyuma yangu. Akaniuliza anasemaje huko nje. Nikamwambia amenituma nione. Akasimama akaitazama sebule yake kama mtu aliyeambiwa apigwe picha, kisha akanyoosha kitambaa cha kochi. "Basi angalia vizuri," akasema. "Mwambie na dari imeisha."

Niliangalia. Nikatoka nikamweleza mzee, naye akasikiliza akiwa ameukazia macho ule mteremko wa chai. Nilimwambia makochi ni ya rangi ya maziwa ya chai na yana vitambaa vya kufumwa. Nilimwambia dari imeisha na ni nyeupe. Nilimwambia kuna picha yake ukutani, amevaa suti hii, siku ya harusi ya mwalimu. Hapo aliinua kikombe lakini hakunywa.

"Wameiweka upande gani?"

"Ukiingia tu, inakutazama."

"Kwa hivyo niko humo."

"Uko humo, Mzee."

Akalifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayetafuta sheria inayolihusu. Nadhani hakuipata. Mvua iliongezeka, ikageuka na upepo kutoka bondeni, ikagonga ule ukuta mdogo na kuishia hapo.

"Na viti vya humo," akauliza, "vinakishinda hiki?"

Vilikuwa vipya, vya sponji nene, na mimi ni mtu ambaye hushindwa kulala kwa ajili ya kivuli cha kitasa.

"Havikishindi," nikasema.

"Nilijua," akasema mzee, akagonga ukuta kwa kikombe kitupu, mara mbili, ili walio ndani walete chai nyingine.